Kuamka saa tisa usiku au kulala kupita kiasi: jinsi ya kujua kama ni sonona

Usingizi huharibika kwa namna tatu. Kuna anayegaragara kitandani mpaka saa saba ndipo apate lepe. Kuna ambaye usingizi wake unakatika-katika usiku kucha. Na kuna anayelala vizuri tu saa nne, halafu saa tisa usiku macho yanafunguka kama mtu aliyeshtuliwa, na hayafungi tena mpaka kunakucha. Namna hii ya tatu ndiyo mganga wa afya ya akili huiulizia mapema anaposhuku sonona, yaani ule ugonjwa wa moyo kuwa mzito na raha kupotea kwa wiki na wiki. Kinyume chake nacho huulizwa: mtu analala saa kumi na moja au kumi na mbili kwa siku na bado anaamka hoi.

Mwongozo huu unahusu jinsi ya kulipima jambo hili wewe mwenyewe kwa daftari, jinsi ya kulitenganisha na sababu nyingine za kawaida, na wakati gani ufunge safari kwenda kituo cha afya.

Kwa nini saa tisa

Usingizi unashikiliwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni deni: kadiri unavyokaa macho mchana, ndivyo haja ya kulala inavyolimbikizana. Deni hilo hulipwa zaidi katika nusu ya kwanza ya usiku, ndiyo maana usingizi wa saa tano na sita huwa mzito. Ikifika saa nane au tisa, deni limekwisha kwa sehemu kubwa, na kinachokushikilia ni nguvu ya pili, yaani saa ya mwili iliyo ndani ya ubongo. Usingizi wa wakati huo ni mwepesi na una ndoto nyingi. Hapo hapo mwili huanza kuongeza homoni iitwayo kotisoli ili kukuandaa kuamka.

Kwa watu wengi wenye sonona, mfumo huo wa kotisoli na msongo unakwenda juu kuliko kawaida, na saa ya mwili nayo inayumba. Mtu anaamshwa pale pale ambapo usingizi ni mwembamba, na akishaamka hana deni la kumrudisha. Kwa hiyo kumwambia "jitahidi ulale" hakumsaidii.

Kushtuka mara moja au mbili usiku, ukageuka upande na kulala tena, ni jambo la kila binadamu. Dalili tunayoizungumzia ni ya kuamka saa 2 au zaidi kabla ya muda wako wa siku zote, na kushindwa kurudi.

Maneno "muda wako wa siku zote" ndiyo yenye uzito hapo. Kondakta wa daladala anayeamka saa kumi kasoro kila siku, akalala mapema na kuamka na nguvu, hana tatizo. Mama anayeamka saa kumi kukaanga vitumbua vya kuuza naye hana. Jilinganishe na ulivyokuwa kabla mambo hayajabadilika, usijilinganishe na jirani.

Hatua ya kwanza: daftari la siku 14

Chukua daftari la kawaida la shule. Kila asubuhi, baada ya kunawa uso, andika mambo matano: saa uliyopanda kitandani, saa uliyoamka kwa mara ya mwisho, muda uliolala mchana, moyo wako ulivyo kuanzia 0 mpaka 10 (0 ni kubaya kabisa), na ulichotumia jana kuanzia mchana, kama chai, kahawa, soda nyeusi, pombe au dawa. Jioni, kabla ya kula, andika tena moyo ulivyo kwa namba ile ile. Kazi hii haifiki dakika tatu.

Kosa linalofanywa na karibu kila mtu ni kuangalia saa kwenye simu kila anapoamka usiku ili aandike sawasawa. Mwanga wa simu unamwamsha zaidi, na namba anayoiona inamtia hesabu: "zimebaki saa mbili tu, kesho nitafanyaje kazi." Makadirio yanatosha. Unajua kama ulikuwa macho kabla ya adhana ya alfajiri au baada yake, kabla ya jogoo la kwanza au la pili, kabla ya basi la kwanza kunguruma barabarani. Andika asubuhi, "kama saa tisa na robo", inatosha kabisa.

Mwezi wa Ramadhani daftari hili litakudanganya, kwa sababu kuamka kwa daku kunabadilisha usiku mzima. Kama umefunga, angalia jambo moja tu: baada ya daku na swala, ukijilaza, unapata usingizi kama miaka mingine au unabaki macho na mawazo mazito?

Jinsi daftari linavyosomwa

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka 38. Miaka yote amezoea kulala saa nne na nusu na kuamka saa kumi na moja na nusu, yaani usingizi wa saa 7. Siku zake nne za kwanza ziliandikwa hivi:

Jumatatu: alilala 4:30, aliamka kama 9:15, hakurudi. Asubuhi 2, jioni 5.
Jumanne: alilala 3:30 kwa uchovu, aliamka kama 8:45, hakurudi. Asubuhi 2, jioni 4.
Jumatano: alilala 4:45, aliamka 11:00. Asubuhi 4, jioni 5.
Alhamisi: bia mbili jioni, alilala 4:00, aliamka kama 8:30, hakurudi. Asubuhi 1, jioni 4.

Muda wake wa kawaida ni 11:30, kwa hiyo mstari wa kupimia ni 9:30 usiku. Siku yoyote aliyoamka kabla ya hapo bila kurudi inahesabiwa. Mwisho wa wiki mbili alikuwa na siku 10 kati ya 14. Jumapili mbili zilikuwa miongoni mwa hizo, ingawa hakuwa na kazi asubuhi yake. Hili ni la maana: mtu anayeamka mapema siku za kazi tu, na Jumapili akalala mpaka kumekucha, mara nyingi anasumbuliwa na kitu cha kazini. Sonona haijui Jumapili.

Angalia Jumanne. Alipanda kitandani saa nzima mapema ili "afidie", na usingizi ukakatika nusu saa mapema zaidi. Hakufidia sana. Alichofanya ni kuuanza usiku mapema na kujiongezea muda wa kukaa gizani na mawazo. Na Alhamisi, pombe ilimlaza haraka ikamwamsha haraka, kwani ikishaanza kutoka mwilini usingizi wa nusu ya pili ya usiku huvunjika.

Namba za asubuhi na jioni nazo zinasema kitu. Kwake asubuhi ndiyo kubaya, jioni anapata nafuu. Hali hii, pamoja na kuamka mapema, ndiyo sura ya sonona ambayo watoa huduma wameijua kwa miaka mingi. Mtu aliyechoka tu kwa kazi huwa kinyume: asubuhi ana nafuu, jioni ameisha.

Pembeni ya daftari aliongeza kwamba mkanda umeingia tundu moja, sahani ya ugali anaiacha nusu, madaftari ya wanafunzi yana wiki tatu mezani hayajasahihishwa, na mpira wa Jumamosi ambao hakuukosa kwa miaka haumwiti tena. Usingizi peke yake hautoshi kuita kitu sonona. Ukiambatana na haya, picha inabadilika.

Hatua ya pili: maswali mawili

Ukishakuwa na daftari, jiulize: kwa wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Na ni mara ngapi umejisikia mnyonge, mwenye huzuni au uliyekata tamaa? Kila swali lina alama: 0 kama hapana kabisa, 1 kama siku kadhaa, 2 kama zaidi ya nusu ya siku, 3 kama karibu kila siku. Jumla ikifika 3 au zaidi, unahitaji kuonana na mhudumu wa afya.

Kituoni huenda ukaulizwa maswali 9 ya fomu iitwayo PHQ-9, ambayo yanaanza na hayo mawili. Mwalimu wetu alipata 3 kwa kukosa raha, 2 kwa huzuni, 2 kwa usingizi, 2 kwa uchovu, 2 kwa kukosa hamu ya kula, 2 kwa kushindwa kutuliza akili, 1 kwa kujiona hafai, na 0 kwa maswali mawili yaliyobaki. Jumla ni 14 kati ya 27. Kuanzia 10 mtoa huduma huchukulia kwamba kuna uwezekano mkubwa wa sonona, na 10 mpaka 14 huhesabiwa ya kati. Fomu haitoi hukumu, inaongoza mazungumzo tu. Wanaume wengi hapa kwetu hawasemi "nina huzuni", husema "mwili umechoka", "kichwa kinauma", "moyo unaenda mbio", "nina mawazo mengi". Kama hayo ndiyo maneno yako, yaseme hayo hayo.

Wale wanaolala kupita kiasi

Huku dalili hufichwa na tusi. Kijana analala saa tatu usiku, anaamka saa nne asubuhi, mchana anajilaza tena, na nyumba nzima inamwita mvivu. Kipimo kinachotumika ni saa 10 au zaidi ndani ya siku moja, usingizi wa mchana ukiwemo, au saa 2 zaidi ya alivyokuwa akilala alipokuwa mzima. Tena usingizi huo haumpumzishi. Anaamka mikono na miguu ikiwa mizito kana kwamba amefungiwa mawe. Wengine hula zaidi, hasa wanga na vitu vitamu, na kilo zinaongezeka. Wengi wa aina hii wakipata habari njema moyo huinuka kidogo kwa saa chache, na hilo huwafanya ndugu waseme "mbona jana alikuwa anacheka, anajifanyisha huyu". Hajifanyishi. Ndivyo aina hiyo ilivyo.

Kabla ya kuita sonona, toa deni la usingizi kwanza. Aliyetoka kwenye mitihani, zamu za usiku au mtoto mchanga atalala sana kwa siku chache na kisha kurudi katika hali yake. Ikipita wiki mbili na bado, deni si sababu.

Hatua ya tatu: ondoa sababu nyingine

Mhudumu atakuuliza haya, kwa hiyo yafikirie kabla hujafika. Upungufu wa damu, mimba changa na tezi ya shingo inayofanya kazi polepole huleta usingizi mwingi na uchovu, na vyote vinaweza kupimwa. Piritoni na dawa nyingine za mafua na mzio hulewesha usingizi, na baadhi ya dawa za kifafa vilevile. Anayekoroma kwa nguvu kisha akanyamaza kama aliyekatwa pumzi, halafu akakurupuka, huenda ana tatizo la njia ya hewa kuziba usiku, na mwenziwe wa kitandani ndiye shahidi mzuri kuliko yeye.

Kwa upande wa kuamka mapema, anza na haja ndogo. Kama kinachokuamsha ni kibofu, pima sukari, na kwa mwanamume mtu mzima, tezi dume ichunguzwe. Umri nao husogeza usingizi: mzee wa miaka 70 anayelala saa mbili na kuamka saa kumi akiwa mchangamfu yuko sawa. Kahawa na chai kali hukaa mwilini muda mrefu, karibu nusu ya kafeini ikiwa bado imo baada ya saa 5, kwa hiyo kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa nane mchana.

Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi wasikilize hapa. Efavirenzi inaweza kuleta ndoto za kutisha na kuushusha moyo. Dolutegraviri, iliyochukua nafasi yake kwa wengi, inaweza kukata usingizi, na mara nyingi suluhisho ni kuimeza asubuhi. Usiache dawa wala usibadili saa mwenyewe. Rudi kliniki yako, useme.

Na ipo hali moja inayofanana na kuamka mapema lakini ni kitu kingine kabisa: mtu analala kwa muda wa saa tatu au nne tu, haoni uchovu, anaongea haraka, ana mipango kumi kwa mpigo, anatumia fedha ovyo. Hiyo inaweza kuwa upande wa juu wa ugonjwa wa hisia unaopanda na kushuka. Kama umewahi kuwa hivyo, mwambie mhudumu kabla hajakuandikia dawa ya sonona, kwa sababu dawa hiyo ikitumika peke yake inaweza kukurusha juu tena.

Saa tisa yenyewe, ufanye nini

Ukiona umekaa macho kwa muda unaokisiwa kama dakika 20, ondoka kitandani. Keti mahali penye mwanga hafifu, fanya kitu kisichohitaji akili: kunja nguo, chambua maharage. Anayesali asali. Rudi kitandani usingizi ukikuita. Simu ibaki chumba kingine. Fanya hivyo ili kitanda kisizoeleke kuwa mahali pa kuwaza.

Amka saa ile ile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, na toka nje upate mwanga wa asubuhi kama nusu saa, kwani mwanga huo ndio unaoirekebisha saa ya mwili. Usiwahi kitandani kufidia, umeona ya Jumanne. Anayelala kupita kiasi afuate saa moja ya kuamka vilevile, aiwahishe kwa nusu saa kila baada ya siku chache, na kitu cha kwanza kikiwa kutoka nje ya chumba.

Haya hutengeneza usingizi, na peke yake hayaondoi sonona. Kama daftari na maswali yamekwisha kusema, usisubiri kuona kama kuchambua maharage kutatosha.

Lini uende, na useme nini

Nenda siku hiyo hiyo, usisubiri wiki mbili, kama unafikiria kufa au kujiua, kama unasikia sauti wengine hawazisikii, kama umeacha kula na kunywa, au kama umejifungua karibuni na unapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto. Saa ile ya usiku ni hatari zaidi kwa mwenye mawazo hayo, kwa sababu nyumba imelala na yeye yuko peke yake. Asiachwe peke yake. Dawa za panya, dawa za shamba na vidonge vyote vya nyumbani viondolewe mkononi mwake. Kumuuliza wazi, "je, unafikiria kujiua?" hakumpandikizii wazo hilo, kwa wengi humtua mzigo. Kenya kuna simu ya bure 1199 ya Msalaba Mwekundu. Popote pengine, idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu ndiyo mlango.

Kwa wengine, wiki mbili za dalili karibu kila siku, au kazi na nyumba kuanza kukushinda, ndio mpaka. Anzia zahanati au kituo cha afya. Hospitali nyingi za wilaya zina muuguzi au mganga aliyesomea afya ya akili. Mirembe ya Dodoma na Mathari ya Nairobi ni za rufaa, si lazima uanzie huko. Anayekwenda kuombewa au kwa shehe aendelee, na kituo cha afya nacho akifike.

Ukifika, sentensi ya "dokta, sipati usingizi" ndiyo inayowapeleka wengi nyumbani na vidonge vya usingizi. Sema hivi: "Dokta, kwa wiki mbili sasa naamka saa tisa usiku na sirudi tena. Zamani niliamka saa kumi na moja na nusu. Asubuhi moyo ni mzito, jioni nina nafuu. Hamu ya kula imepungua, na vitu nilivyovipenda havinivutii. Nimeandika hapa." Kisha mpe daftari. Kama inakuwia vigumu kutamka, mpe daftari kwanza.

Kwa sonona nyepesi, mazungumzo ya ushauri yaliyopangwa huweza kutosha. Dawa zinazopatikana zaidi ni fluoksetini na amitriptilini. Fluoksetini humezwa asubuhi, kwa kuwa inaweza kukata usingizi. Amitriptilini hulewesha usingizi kwa hiyo humezwa usiku, na ikizidi kipimo ni hatari, hivyo itunzwe na ndugu. Zote huchukua wiki 2 mpaka 6 kuinua moyo. Wengi huacha wiki ya pili wakisema haifanyi kazi, na wengine huacha mwezi wa pili wakisema wamepona. Matibabu huendelea kwa miezi 9 hadi 12 baada ya nafuu, na huachwa taratibu kwa maelekezo. Diazepamu itakulaza, lakini haigusi sonona, na ikitumika kwa wiki kadhaa mwili huanza kuidai.

Wiki za mwanzo, nguvu za mwili na usingizi vinaweza kurudi kabla moyo haujainuka. Ndugu wasilegeze uangalizi kipindi hicho, hasa kama kulikuwa na mawazo ya kujiua.

Mwalimu alirudi kituoni na daftari wiki ya sita ya matibabu. Siku za kuamka kabla ya 9:30 zilikuwa 3 kati ya 14, na namba ya asubuhi imefika 5. Aliambiwa alitunze daftari hata baada ya kupona, kwa sababu kwa wengi sonona inaporejea, usingizi hutangulia kuharibika. Siku macho yakianza tena kufunguka saa tisa kwa wiki nzima, arudi kituoni na ukurasa huo mkononi.